Kusoma karata za taroti kwa nyumba kumi na mbili: nyumba ya saba inapoulizwa swali la mapenzi

Mpangilio wa nyumba kumi na mbili, yaani nafasi kumi na mbili za karata zilizochukuliwa kutoka duara la falaki, ni mpana kuliko mipangilio mingi ya taroti. Unampa msomaji karata kumi na mbili kwa mara moja, na kila karata inagusa upande mmoja wa maisha ya mwulizaji: mwili wake, fedha zake, ndugu zake, kazi yake, na kuendelea hadi yale yaliyofichika. Mtu anapokuja na swali la mapenzi, upana huo ndio unaompoteza msomaji asiye na utaratibu. Atasoma karata zote kumi na mbili kwa uzito uleule, na mwulizaji ataondoka na maelezo mengi yasiyo na jibu. Njia ninayoieleza hapa inaifanya nyumba ya saba kuwa mahali pa jibu, na nyumba nyingine zinaitwa mbele kama mashahidi, kila moja kwa zamu yake.

Nitatumia seti ya karata 78 iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909, kwa kuwa ndiyo inayofahamika zaidi na karibu karata zake zote zina picha za watu na matukio. Ina karata kuu 22, na karata ndogo 56 zilizogawanyika katika makundi manne. Aliyezoea kucheza karata za kawaida barazani atayatambua makundi hayo upesi: Vikombe viko mahali pa kopa, Panga mahali pa shupaza, Fimbo mahali pa pau, na Sarafu mahali pa uru. Katika mapenzi, Vikombe husomwa kama hisia, Panga kama maneno, maamuzi na ugomvi, Fimbo kama hamu na juhudi, na Sarafu kama fedha, kazi na makazi.

Kabla ya kuchanga karata

Jambo la kwanza ni kulitengeneza swali. Swali la "Je, atanioa?" linataka ndiyo au hapana, na mpangilio huu haujibu hivyo. Mgeuze mwulizaji taratibu hadi aulize kuhusu hali: ni nini kilichopo kati yangu na mtu huyu, na kinaelekea wapi katika kipindi fulani? Kipindi kitajwe wazi, kwa mfano hadi mwisho wa mwaka, maana bila hicho karata ya nyumba ya saba inaweza kusomwa kama ya leo au ya miaka kumi ijayo. Swali liandikwe kwenye karatasi kwa maneno ya mwulizaji mwenyewe, na karatasi ikae mezani hadi mwisho.

Jambo la pili, ambalo wasomaji wengi hulipuuza, ni kuamua mapema nyumba ya saba inasimama kwa niaba ya nani. Katika falaki nyumba hii ni ya ndoa, ya mwenzi na ya mapatano yote ya watu wawili, na ni hiyohiyo nyumba ya adui wa wazi, yule anayesimama mbele yako na kujulikana. Kwa mwulizaji ambaye tayari ana mtu, nyumba ya saba imweleze mwenzi huyo pamoja na msimamo wake katika uhusiano. Kwa asiye na mtu, imweleze aina ya mwenzi anayeelekea kumpokea. Sema uamuzi huo kwa sauti kabla ya kuchanga, ili usije ukabadilisha maana ya nyumba baada ya kuona karata usiyoipenda.

Amua pia kama karata iliyotoka juu chini itasomwa tofauti. Kwa mpangilio huu nashauri anayejifunza azisimamishe zote wima. Karata kumi na mbili zina ushahidi wa kutosha, na ugumu wowote ulio katika nyumba ya saba utaonekana kwenye nyumba zilizo karibu nayo na ile inayoikabili.

Namna ya kutandaza

Changa karata vizuri, mwulizaji azikate kwa mkono wake, kisha zitandazwe kwa duara juu ya meza pana au mkeka. Chukua mfano wa saa ya ukutani. Nyumba ya kwanza iko kushoto, palipo na tarakimu 9. Kutoka hapo unakwenda kinyume na mshale wa saa: nyumba ya pili inakaa kwenye tarakimu 8, ya tatu kwenye 7, na ya nne inafika chini kabisa kwenye 6. Ya tano na ya sita zinapanda kuelekea kulia, nyumba ya saba inatua kulia kabisa kwenye tarakimu 3, ya nane na ya tisa zinafuata juu yake, ya kumi inakaa kileleni kwenye 12, na mbili za mwisho zinashuka kurudi kushoto. Wanafalaki huchora duara hivi kwa sababu nyumba ya kwanza ni upeo wa mashariki, jua linapochomoza, na ya saba ni upeo wa magharibi, linapotua.

Anayezitandaza kwa kufuata mshale wa saa bado atakuwa na nyumba ya saba kulia, kwa hiyo kosa lake halitaonekana haraka. Litajitokeza pale atakapodhani nyumba ya nne, ambayo ni ya wazazi na makazi, iko juu, na ile ya heshima mbele za watu iko chini. Hesabu kwa kidole kabla ya kufunua.

Zifunue zote, kisha nyamaza kidogo na uzitazame kwa jumla. Hesabu karata kuu: katika karata kumi na mbili kwa kawaida hutoka tatu au nne. Zikitoka sita au saba, jambo hili lina uzito unaozidi mipango ya watu wawili. Ikitoka moja au isitoke hata moja, mambo mengi yamo mikononi mwao. Tazama pia ni kundi lipi limetawala. Baada ya hapo tu ndipo macho yaende kulia.

Kuisoma nyumba ya saba

Anza na kile kinachoonekana katika picha, si maana uliyoikariri. Mtu aliye kwenye karata anasimama au anatembea? Ana nini mkononi? Ardhi aliyosimama ina nini? Mweleze mwulizaji picha hiyo kwa sentensi mbili tatu, umwache aitazame mwenyewe, na umsikilize neno lake la kwanza, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye atakayekutajia kile ambacho karata inagusa.

Kisha tambua daraja la karata. Mfalme, Malkia, Mpanda Farasi au Kijana katika nyumba ya saba husomwa kama mtu, na kwa kawaida ni mwenzi mwenyewe, tabia yake na mwendo wake katika jambo hili. Karata ya namba husomwa kama hali iliyopo kati ya wawili. Karata kuu husomwa kama nguvu inayoutawala uhusiano wote. Hapa kuna karata mbili zinazosomwa vibaya mara kwa mara. Wapenzi, karata kuu ya 6, hupokelewa kama habari ya harusi, ingawa kiini chake ni uchaguzi: kuna njia mbili na mtu hajaishika moja. Kifo, karata ya 13, humtia mwulizaji hofu, na katika nyumba ya saba kinaeleza kumalizika kwa umbo fulani la uhusiano, kama vile wapenzi wa mbali wanaolazimika kuamua kama wataishi pamoja au la. Asiachwe mtu aondoke akiamini kwamba ametabiriwa msiba.

Ukishapata maana ya kwanza ya nyumba ya saba, usitoe jibu bado. Vuka duara hadi upande wa pili na usome nyumba ya kwanza, ambayo ni mwulizaji mwenyewe. Nyumba hizi mbili zinatazamana na zinasomwa kama mazungumzo: huyu anasema nini, na yule anamjibu nini? Nyumba ya saba ikisomwa peke yake humlaumu mwenzi kwa kila jambo, na huo ndio udhaifu mkubwa wa usomaji wa mapenzi, kwamba asiyekuwepo ndiye anayehukumiwa.

Mashahidi wanaofuata ni nyumba ya tano na ya nane. Ya tano ni ya furaha ya kupendana, ya matembezi, utani na pia watoto. Ya saba ni ya agano. Uhusiano unaweza kuwa na tano nzuri na saba dhaifu, na wenye hali hiyo wanaijua vizuri, maana wanapendana lakini hakuna kinachosogea. Ya nane ni ya mambo ambayo wawili wanachangia, ikiwemo faragha ya mwili na mali ya pamoja. Kwa kuwa ni nyumba ya pili ukihesabu kuanzia ya saba, ndiyo pia inayoeleza mfuko wa mwenzi, kama vile nyumba ya pili inavyoeleza mfuko wa mwulizaji. Kwa swali la ndoa linalohusu mahari, nyumba ya nane ina mengi ya kusema kuliko Vikombe vyote vya mezani.

Baada ya hizo, soma ya nne na ya kumi, ambazo ni nguzo za chini na juu. Ya nne ni nyumbani kwa mwulizaji, na ya kumi, ambayo ni ya nne kutoka ya saba, inaweza kusomwa kama nyumbani kwa mwenzi. Ya kumi na mbili isomwe mwisho na kwa tahadhari. Zilizobaki zipitie kwa sentensi moja moja, ukisimama tu pale moja inapofafanua jambo ambalo nyumba ya saba imeacha wazi.

Mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mwulizaji mwenye duka la kushona nguo Mukono, Uganda. Mchumba wake anaendesha lori la mizigo kutoka mpaka wa Malaba hadi Elegu, na wakati mwingine anavuka kuingia Sudan Kusini. Walikubaliana kufanya kwanjula, sherehe ya mwanamume kutambulishwa kwa familia ya binti, lakini tarehe imeahirishwa na kuahirishwa tena, na simu zimekuwa fupi. Alikuja na swali la "Je, ana mwanamke mwingine huko njiani?" Swali hilo lilibadilishwa likawa: ni nini kilichopo kati yangu naye, na kinaelekea wapi hadi mwisho wa mwaka? Nyumba ya saba ikapewa mchumba na msimamo wake.

Karata zilitoka hivi. Kwanza, Nane ya Panga. Pili, Malkia wa Sarafu. Tatu, Mbili ya Panga. Nne, Kumi ya Sarafu. Tano, Nne ya Fimbo. Sita, Kijana wa Fimbo. Saba, Mpanda Farasi wa Sarafu. Nane, Tano ya Sarafu. Tisa, Sita ya Panga. Kumi, Tatu ya Sarafu. Kumi na moja, Tatu ya Vikombe. Kumi na mbili, Mwezi.

Kwa jumla, Sarafu ni tano, Panga tatu, Kikombe ni kimoja, na karata kuu ni moja tu. Swali limeletwa kama swali la hisia, ilhali meza inazungumza habari za fedha na makazi, na mambo yako mikononi mwa wahusika.

Mpanda Farasi wa Sarafu ndiye pekee kati ya wapanda farasi wanne ambaye farasi wake amesimama kabisa. Ni farasi mweusi, mzito, miguu yote minne iko chini. Mpandaji ameshika sarafu moja mbele yake na kuitazama, na nyuma yake kuna shamba lililolimwa tayari. Mtu wa namna hii hakimbii ahadi. Anahesabu. Shamba limeshatayarishwa, kwa hiyo nia ipo, lakini hatasogea hadi hesabu yake itimie, na wakati huo wote anayemngoja anaona tu farasi asiyetembea.

Ng'ambo yake, katika nyumba ya kwanza, Nane ya Panga inaonyesha mwanamke aliyefungwa kitambaa cha macho na kamba mwilini, panga zikiwa zimesimama kumzunguka. Miguu yake haikufungwa. Mwulizaji anahisi amekwama mahali ambapo hawezi kuona wala kuamua, na hofu yake imekuwa boma. Ukisoma mazungumzo ya nyumba hizi mbili, mmoja amenyamaza akihesabu, na mwingine ameusikia unyamavu huo kama kuachwa.

Nyumba ya tano ndiyo mtego wa meza hii. Nne ya Fimbo ina shada la maua lililofungwa juu ya nguzo nne na watu wanaoshangilia kwa mbali, na wasomaji wengi huita karata ya harusi. Anayeiona ataona raha kumwambia mwulizaji kwamba sherehe imekaribia. Lakini imeangukia ya tano. Inaeleza kwamba wawili hawa wanafurahiana kweli wanapokuwa pamoja, na hiyo ni habari njema ya kumpa, ila tarehe ya kwanjula haimo humo.

Kizuizi kimo katika nyumba ya nane. Tano ya Sarafu inaonyesha watu wawili masikini wakipita katika theluji chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga, na hakuna anayeinua macho kulitazama. Hii ikiwa ni mfuko wa mchumba, ana upungufu, na tena ni upungufu anaoubeba kwa aibu, bila kuomba msaada uliopo karibu. Sasa tazama ya nne, nyumbani kwa binti: Kumi ya Sarafu, familia ya vizazi vitatu, mzee aliyevaa vazi la fahari, mbwa miguuni pake. Nyumba hiyo inatarajia sherehe inayolingana na heshima yake. Kati ya Kumi ya Sarafu ya nne na Tano ya Sarafu ya nane, Mpanda Farasi ana sababu ya kusimama. Malkia wa Sarafu katika nyumba ya pili anaongeza kwamba duka la mwulizaji linaendelea vizuri, jambo ambalo huenda linamwongezea mwanamume ugumu wa kusema hali yake.

Nyumba ya tatu, ya mazungumzo na jumbe, ina Mbili ya Panga: mwanamke mwingine mwenye kitambaa machoni, mikono imekunjwa kifuani na panga mbili. Simu fupi zinapata maelezo hapo. Hakuna aliyesema uongo katika karata hiyo, ila hakuna aliyeuliza. Ya tisa, ya safari za mbali, ina mashua ya Sita ya Panga, nayo inalingana na kazi yake bila kuongeza jipya. Ya kumi inaonyesha kwamba kwao watu wanashirikiana kazini. Ya sita na ya kumi na moja zinapitwa.

Mwezi katika nyumba ya kumi na mbili ndipo msomaji anapoweza kumharibia mtu maisha. Mbwa na mbwa mwitu wanabweka, kamba anapanda kutoka majini, njia inapotelea kati ya minara miwili. Ni karata ya hofu na sura zisizoonekana vizuri, katika nyumba ya mambo yaliyofichika, na mwulizaji ameshakuja na shaka ya mwanamke mwingine. Kanuni yangu ni kwamba mtu wa tatu hatajwi mpaka nyumba mbili zimshuhudie, na ya saba au ya tano iwe mojawapo. Hapa ya tano ni safi na ya saba ina mtu aliyesimama peke yake. Kwa hiyo Mwezi unasomwa kama hofu ya mwulizaji inayokuzwa na usiku wa kungoja simu.

Jibu linaandikwa kwa sentensi moja au mbili chini ya swali, ili mwulizaji aondoke nalo. Katika mfano huu niliandika: mchumba wako hajaondoka katika ahadi, anachelewa kwa sababu ya fedha ambazo anaona haya kuzitaja, na ukubwa wa sherehe inayotarajiwa kwenu unamzidi. Kisha likafuata la kufanya, kutoka nyumba ya tatu: "Dada, muulize kuhusu gharama, si kuhusu wanawake." Kwa kuwa katika kwanjula ya Waganda shangazi ndiye anayempokea mwanamume na kumtambulisha kwa familia, yeye pia ndiye njia ya heshima ya kupunguza orodha ya vitu bila mchumba kudhalilika mbele ya wazee.

Mahali ambapo usomaji unapaswa kusimama

Nyumba ya saba haitoi tarehe, haitoi jina, wala haithibitishi usaliti. Mwulizaji akiuliza kuhusu afya ya mwenzi, jibu lake liko katika kituo cha afya, ambako wapenzi hupimwa pamoja, na karata zifungwe hapo. Vilevile, mwulizaji akieleza kwamba anapigwa au anatishwa, usiendelee kusoma nyumba ya saba kana kwamba ni suala la maelewano. Msaidie kumfikia ndugu au mtu anayeweza kumweka mahali salama.

Karata ya nyongeza inaruhusiwa moja tu, na iwekwe juu ya nyumba ya saba pale ambapo karata yake na ile ya kwanza zinapingana kabisa. Kuongeza ya pili na ya tatu ni kutafuta jibu linalopendeza. Utalitambua hilo kwa mkono: msomaji akijikuta anavuta karata mpya kabla hajamaliza kueleza ile iliyopo, azirudishe kwenye pakiti na asome zile kumi na mbili za mwanzo. Swali lilelile lisitandazwe tena hadi jambo fulani libadilike. Kwa mwulizaji wa Mukono, mabadiliko hayo ni mazungumzo kuhusu gharama: akishayafanya, hata kama jibu alilopata halikumfurahisha, mpangilio mpya utakuwa na swali jipya.